Daftari la Saa Tatu Usiku

Watoto wakishalala, mama mmoja muuza vitumbua wa Mbagala hufungua daftari la Biolojia. Anajiandaa kwa Mtihani wa Maarifa, ambao humfungulia aliyekosa sekondari njia ya kufanya mtihani wa kidato cha nne akiwa mtahiniwa wa kujitegemea.

Mwanzoni alisoma sura nzima hadi usingizi umwangushe. Asubuhi, mbele ya jiko, hakumbuki kitu. Macho yalikuwa yamezoea maandishi tu, na mazoea hayo hudanganya.

Sasa ana nusu saa. Kabla ya kugusa kitabu, anajibu kwa kalamu maswali matano ya nyuma. Kisha anasoma ukurasa mmoja, anaufunika, anaandika alichokumbuka. Swali alilokosa linarudi kesho. Alilopata linasubiri siku tatu, halafu wiki. Damu itokayo mapafuni ilimsumbua: kila mara aliiingiza moyoni upande wa kulia, ilhali huingia kushoto.

Kurasa zilisogea polepole, akaushuku mpango wake. Usiku ambao mtoto aliamka na homa, alijibu maswali matano pekee (hayo yanatosha, mradi hakuchungulia). La moyo lilikuwamo. Mshale aliuchora kushoto, bila kusita.