Mtoto Anayeogopa Mende na Panya: Namna ya Kumtoa Hofu Bila Kumtoa Tahadhari

Saa tatu usiku mtoto amebanwa na mkojo, lakini haendi. Choo kipo uani, na juzi aliona mende wawili ukutani. Atajikaza mpaka usingizi umchukue, na alfajiri godoro litakuwa limelowa. Katika nyumba nyingi mzazi huchukua moja kati ya njia tatu. Atamkaripia na kumweleza kwamba mende hali watu, atamwacha kaka zake wamcheke ili aone aibu, au atamsindikiza kila usiku akiamini kwamba akikua ataacha mwenyewe.

Njia hizo zilishapimwa karibu miaka mia moja iliyopita. Mwaka 1924 mtafiti wa Kimarekani, Mary Cover Jones, alichapisha matokeo ya kazi aliyoifanya New York kwa watoto wadogo wenye hofu mbalimbali. Aliona kwamba maneno matupu, kejeli za wenzao na kusubiri tu hofu ijiishie havikusaidia. Mambo mawili ndiyo yaliyofanya kazi: kumsogeza mtoto kidogo kidogo kwenye kinachomtisha akiwa katika hali anayoifurahia, na kumweka pamoja na watoto wasiokiogopa ili awaone kwa macho yake.

Mtoto anayekumbukwa zaidi katika kazi hiyo anajulikana kwa jina la Peter. Alikuwa na umri wa miaka miwili na miezi kumi, na aliogopa panya mweupe, sungura, koti la manyoya, hata pamba. Sungura ndiye aliyemtisha kuliko wote, kwa hiyo Jones alianza naye. Mwanzoni sungura akiwa ndani ya kizimba popote pale chumbani, Peter alilia. Baadaye akamvumilia akiwa umbali wa mita tatu na nusu hivi, kisha mita moja na kidogo, kisha karibu kabisa. Katika sehemu ya kazi hiyo Peter alikaa kwenye kiti chake akila chakula anachokipenda, na kizimba kikawa kinasogezwa kwa kiasi kile tu ambacho hakikumharibia hamu ya kula. Mwishowe alimpakata sungura na kumwacha amng'ateng'ate vidole. Hofu ya koti na pamba ilikwisha bila kushughulikiwa peke yake, na ile ya panya ikapungua sana.

Sababu yake inaeleweka. Mtoto anapomkimbia mende, hofu hushuka papo hapo, na mwili wake unajifunza kwamba kukimbia ndiko kulikomwokoa. Kesho atakimbia mapema zaidi. Lakini akibaki mahali ambapo hofu ipo ila inavumilika, baada ya dakika chache moyo unapunguza mwendo, na mwili unajifunza somo jingine: mende yupo, na hakuna kilichotokea. Ndiyo maana kumshika mtoto kwa nguvu na kumsogezea mende usoni ili azoee huleta matokeo kinyume. Hofu inapanda kupita uwezo wake, anaponyoka, na somo la kukimbia linazidi kukita mizizi.

Tuchukue mfano wa mtoto wa kike wa miaka saba anayeishi katika nyumba ya kupanga yenye choo cha uani. Anaogopa mende kiasi cha kujizuia mkojo. Jambo la kwanza ni kukubaliana naye namna ya kupima hofu. Vidole kumi ni hofu kubwa kuliko zote, ngumi iliyofungwa ni kutokuwa na hofu kabisa. Mama hamkadirii, bali anamuuliza, "Sasa hivi ni vidole vingapi, mwanangu?" na jibu lolote linapokelewa bila ubishi.

Kisha wanapanga ngazi kwa pamoja, wakianzia na kitu kinachompa vidole viwili au vitatu. Katika mfano huu wanaanza kwa kuchora mende kwenye daftari. Kinachofuata ni picha kwenye simu, kwanza ndogo, halafu iliyokuzwa. Baada ya hapo mende aliyekufa anawekwa ndani ya chupa inayopitisha mwanga yenye kifuniko, upande wa pili wa chumba, na mtoto mwenyewe ndiye anayesema chupa isogee lini. Anapoizoea, anawekewa mende hai ndani ya chupa iliyofungwa vizuri. Hapo anapewa kazi: ahesabu miguu, ambayo ni sita, aangalie vipapasio virefu vinavyocheza, aone mende anavyokimbilia upande wenye kivuli chupa ikimulikwa. Kazi ya macho inamfanya atazame badala ya kufumba.

Kila hatua hukaa kwa dakika tano hadi kumi, au mpaka vidole vishuke kufikia nusu. Vikianza na sita, wanangoja vifike vitatu ndipo wamalize. Wanairudia hatua hiyohiyo siku nyingine hadi ianze na vidole viwili, ndipo wapande. Mtoto akilia, akifumba macho au akishindwa kabisa kubaki, hatua ilikuwa ndefu mno. Tiba yake ni kuigawa: badala ya kutoka kwenye picha moja kwa moja hadi mende aliyekufa, kuwe na video katikati.

Hatua za mwisho zinafanyika chooni kwenyewe. Jioni kukiwa bado na mwanga kidogo, mama anasimama mlangoni, mtoto amevaa ndala na ameshika tochi. Anapiga mguu chini na kutazama mende wakikimbilia kwenye nyufa. Siku nyingine mama anasimama hatua tano nje, kisha kwenye mlango wa nyumba, kisha anabaki ndani. Mtoto akienda, akajisaidia na kurudi akiwa na vidole viwili, ngazi imefika kileleni. Hakuna haja ya kumshika mende kwa mkono.

Hapo ndipo hofu na tahadhari zinapotengana. Mende hutembea kwenye uchafu na kuuhamishia kwenye chakula, na kwa baadhi ya watu mabaki ya mwili wake huamsha pumu. Kwa hiyo mtoto yuleyule anayefundishwa kutomkimbia anafundishwa pia kufunika chakula, kutomgusa kwa vidole na kunawa kwa sabuni. Anafundishwa vilevile kwamba dawa za kuua wadudu ni kazi ya mtu mzima. Chaki ya mende inayouzwa mitaani inafanana na chaki ya ubaoni, na mtoto anaweza kuichezea au kuiweka mdomoni. Hatari yake kwake ni kubwa kuliko ya mende mwenyewe.

Kwa panya ngazi inaanza vilevile, ila inaishia mbali zaidi na mnyama. Kwenye picha na video, mfano mzuri upo Morogoro, ambako shirika la Apopo, lenye makao katika Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, hufundisha panya buku kunusa mabomu yaliyofukiwa ardhini na vimelea vya kifua kikuu katika makohozi. Mmoja wao, Magawa, aliyezaliwa Tanzania, alifanya kazi Kambodia na mwaka 2020 akatunukiwa nishani ya dhahabu na shirika la tiba ya wanyama la Uingereza, PDSA. Mtoto anayeona panya amevishwa mkanda kifuani akilipwa ndizi kwa kazi aliyoifanya anapata picha nyingine ya mnyama huyo, na video kama hiyo inaweza kuwa hatua ya tatu au ya nne. Ila aambiwe waziwazi kwamba panya wa darini hajafundishwa wala hajachunguzwa afya, na yeye hashikwi.

Sababu za kutomshika ni za kweli, na mtoto wa shule ya msingi anaweza kuzielewa. Mwaka 2022 wakazi wa Ruangwa mkoani Lindi walipata ugonjwa uliokuja kujulikana kama homa ya mgunda, ambao huenezwa na mkojo wa wanyama walioambukizwa, panya wakiwemo, kupitia maji na udongo. Lushoto, ambako tauni ilisumbua kwa miaka mingi tangu 1980, panya wanaokufa ovyo huchukuliwa kuwa onyo, kwa sababu viroboto huuacha mwili uliopoa na kutafuta mwingine wa kunyonya.

Kutokana na hayo mtoto anajifunza mambo manne. Akimwona panya hai, asimzibie njia, kwa kuwa panya aliyebanwa kona ndiye anayeuma. Akimkuta amekufa, arudi nyuma na kumwita mtu mzima. Asiguse kitu chochote alichokikuta kimewekwa kama chambo. Na kabla ya kulala anawe mikono na mdomo, asile kitandani, kwani harufu ya chakula ndiyo inayomvuta panya. Jambo hili la mwisho watoto wengi huambiwa kama kitisho, kwamba panya atawatafuna vidole usiku. Likisemwa kama utaratibu wa nyumba, sawa na kupiga mswaki, linatekelezwa bila kumnyima mtoto usingizi. Akiumwa, jeraha lioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha apelekwe kituo cha afya.

Wapo wadudu ambao mtoto anapaswa kukaa nao mbali siku zote, kama nyuki, nge na tandu. Hata kwao utulivu una kazi. Anayewapunga nyuki kwa mikono huwachokoza zaidi. Anayefaa kuigwa ni yule anayeondoka mbio na kuingia ndani bila kupiga piga. Nzi wa Nairobi, mdudu mwembamba mwekundu na mweusi wa jamii ya mbawakawa anayejaa wakati wa mvua, haumi wala hachomi. Sumu yake imo mwilini, na mtu huungua ngozi anapomponda. Mtoto aliyezoea kubaki mtulivu ataweza kumpuliza aondoke, kisha aoshe mahali pale kwa sabuni. Mwenye hofu atampiga kofi.

Mzazi anayeogopa mende au panya naye atakuwa na shida kuongoza ngazi hii, maana mtoto husoma uso wake kabla ya kusikia maneno yake. Ni afadhali kazi hiyo apewe shangazi, kaka mkubwa au jirani asiyeogopa, na watoto wengine wa nyumba wawepo, kama ilivyofanyika kwa Peter.

Hofu ikirudi, haina maana kwamba kazi imepotea. Peter alipokuwa amepiga hatua nzuri, aliugua na kulazwa karibu miezi miwili, na siku ya kutoka hospitali akarukiwa na mbwa mkubwa. Hofu yake ilirudi kwa nguvu, na Jones akaanza upya kutoka umbali ambao mtoto aliweza kuuvumilia. Nyumbani hufanywa vivyo hivyo: mtoto anashushwa hatua mbili au tatu, kisha anapanda tena, na mara nyingi safari ya pili huwa fupi. Lakini hofu ikidumu zaidi ya miezi sita huku ikimzuia kulala, kwenda chooni au shuleni, au akitapika na kutetemeka hata kwa picha, apelekwe kwa mtaalamu wa afya ya akili. Hospitali kubwa kama Muhimbili zina kitengo hicho, na mzazi akifika na daftari lenye hatua walizojaribu na idadi ya vidole kwa kila hatua, mtaalamu atajua pa kuanzia siku hiyohiyo.