Je, Wajua Pete Hubeba Picha ya Chumba Ilimopigiwa?

Dhahabu iliyosuguliwa vizuri ni kioo. Ukiitazama picha ya pete kwa karibu, sehemu kubwa ya unachokiona kwenye mduara wake ni chumba: taa, ukuta, meza, na pengine mpiga picha mwenyewe akiwa mstari mwembamba mweusi. Hapo ndipo programu za akili unde hukwama zinapopewa picha ya bidhaa na kuagizwa kutengeneza nyingine ya karibu, ya tangazo. Zinabadilisha mandhari, lakini pete inaendelea kuakisi chumba cha zamani. Mteja huenda asijue kosa liko wapi, ila ataona kwamba pete imebandikwa.

Tuchukue pete moja: dhahabu ya njano ya karati 18 yenye tanzanaiti, jiwe linalochimbwa Mirerani, mkoani Manyara. Jiwe ni la mstatili, pembe zake nne zimekatwa, na kingo zake zinashuka kwa ngazi zilizo sambamba. Picha ilipigwa ndani ya hema dogo jeupe, taa ikiwa juu kushoto na kadi nyeusi upande wa kulia. Sonara anataka pete hiyo ionekane juu ya mahameli nyeusi.

Ombi hilo lina tatizo. Sehemu ya chini ya pete inaakisi sakafu nyeupe ya hema, na mahameli nyeusi haiwezi kutoa weupe huo. Ama picha ipigwe upya juu ya kitambaa cheusi, ama mandhari mapya yawe meupe pia. Kwa hiyo maagizo mazuri huanza kwa kuisoma pete: mwanga mkubwa uko upande gani, giza liko wapi, chini kuna rangi gani. Ndipo unaandika, kwa zana inayoelewa Kiswahili:

```
Picha ya karibu ya pete hii hii. Jiwe libaki la
mstatili, pembe nne zimekatwa, ngazi tatu
sambamba na kingo, vikucha vinne.
Dhahabu ya njano iliyopauka kidogo, si ya chungwa.
Mwanga mmoja mpana kutoka juu kushoto, giza kulia.
Pete iko juu ya kitambaa cheupe kisichong'aa.
Usiongeze vimetameta wala miale ya nyota.
```

Angalia kwamba mkato umeelezwa kwa umbo, haukutajwa kwa jina tu. Mkato huu wa ngazi huitwa mkato wa zumaridi, na ukiandika hivyo peke yake unaweza kuletewa jiwe la kijani. Rangi ya dhahabu nayo imewekewa mpaka. Karati 18 maana yake ni sehemu 750 za dhahabu katika 1,000, zilizobaki zikiwa kwa kawaida fedha na shaba, kwa hiyo rangi yake imepoa kuliko ile ya dhahabu tupu. Neno “dhahabu” likiachwa peke yake huivuta picha kwenye uchungwa mzito.

Hata maagizo sahihi yana kikomo. Matoleo ya kwanza ya Stable Diffusion, iliyotolewa mwaka 2022, huibana picha kabla ya kuichora upya: kila mraba wa pikseli 8 kwa 8 huwa chembe moja. Jiwe likiwa na upana wa pikseli 80, linabaki na chembe 10 tu kwa upana, na ngazi yenye pikseli 5 haifikii hata chembe moja. Inayeyuka, kisha programu inabuni ngazi nyingine. Ndiyo maana picha hukatwa kwanza ili jiwe lijaze fremu. Penye kitelezi cha nguvu ya mabadiliko, kishushe hadi karibu 0.3.

Picha ikitoka, kagua mng'aro. Mwako juu ya uso wa jiwe huwa na rangi ya taa yenyewe, kwa hiyo taa nyeupe huacha doa jeupe. Dhahabu hutia rangi yake kwenye kila inachokiakisi, na mwako wake huwa wa njano mpaka pale kamera inapozidiwa na mwanga. Mwako wa fedha juu ya dhahabu ni dalili ya uongo. Ndani ya tanzanaiti tafuta bluu inayogeuka zambarau. Vipande vya upinde wa mvua vikitapakaa kote, programu imechora almasi iliyotiwa rangi. Kisha hesabu vikucha na ufuate kila ngazi hadi kwenye pembe yake.

Kwa pete inayouzwa, mimi sikubali jiwe lichorwe upya hata kidogo. Bei ya tanzanaiti hutegemea sana kina cha rangi yake, na programu hupenda kukizidisha. Sonara, funika jiwe kwa kinyago ili lisiguswe, acha programu ichore kitambaa na kivuli tu, na umwekee mnunuzi picha ya asili kando ya ile ya tangazo.