Je, nimelipwa kuisifu mifuko ya PICS?

Kijana mmoja anayelima mahindi upande wa Urambo amesema waziwazi kwamba mimi nimekula hela ya watu wa mifuko ya PICS, ndiyo maana kila nikiongelea ghala naitaja. Ni haki yake kuuliza. Bwana shamba anayekutuma dukani lazima ajibu anafaidika na nini.

Nianze na hilo. Mshahara wangu unatoka serikalini. Nilipewa mifuko miwili bure kwenye mafunzo, pamoja na chakula cha mchana. Mingine iliyopo nyumbani nimenunua. Sina duka, sipati asilimia kwa mfuko unaouzwa. Ukitaka mifuko ya aina hiyo ya kampuni nyingine, kama AgroZ, nunua. Kinachofanya kazi ni ule ubanaji hewa, jina lililoandikwa juu halihusiki.

Sasa kwa nini naing'ang'ania? Kwa sababu ya dumuzi. Huyu mdudu asili yake ni Amerika ya Kati, na hapa Afrika aligunduliwa kwanza mkoani kwetu Tabora, karibu na mwaka 1980. Wazee wengine walimwita Scania, kama lori. Huku kwetu ndiko mahindi yalikoanza kugeuka unga ndani ya kihenge. Fukusi anakula punje, lakini dumuzi anatoboa hata nguzo za ghala.

Mfuko wenyewe hauna dawa. Ndani kuna nailoni mbili nzito, nje kuna salfeti ya kawaida. Ukishafunga, wadudu waliomo wanapumua hewa iliyobaki mpaka oksijeni inapungua sana. Hapo wanaacha kula, hawazaliani, na mwisho wanakauka na kufa. Kwa hiyo ukifungua baadaye ukakuta wadudu waliokufa, usiseme umetapeliwa. Waliingia na mahindi yako kutoka shambani.

Ila kuna mambo ambayo muuzaji mara nyingi hakuambii. La kwanza ni unyevu. Mahindi yawe chini ya asilimia 13.5. Ukifunga mabichi, mfuko unazuia hata unyevu kutoka, na utafungua ukungu. Kama huna kipimo, chukua chupa ya kioo iliyokauka, tia mahindi kiasi na chumvi kavu, tikisa dakika chache kisha acha itulie. Chumvi iking'ang'ania kwenye kuta za chupa, rudisha mahindi juani. Lakini isipoganda usikimbilie kufunga, kwani chupa haioni tofauti ndogo. Mimi huongeza siku moja ya jua.

La pili, tundu moja linaua kazi yote. Kabla ya kujaza, ingiza hewa kwenye kila nailoni, kamata mdomo, minya usikie kama inavuja. Pukuchua mahindi na upepete vizuri, kwani kipande cha gunzi kinachoma nailoni. Ukijaza toa hewa, sokota na funga kila mfuko peke yake, wa ndani kwanza. Weka juu ya chaga, mbali na ukuta. Panya anatoboa, na dumuzi naye anaweza kutoboa, hasa kama ghala lako la miti limejaa wadudu wa msimu uliopita. Na ukiufungua kila wiki kuchota unga wa nyumbani, unaingiza hewa mpya kila mara. Mahindi ya kula weka mfuko wake.

La tatu ni hesabu. Tuseme mfuko ni shilingi 5,000, na salfeti pamoja na dawa ya unga ni 2,500. Tofauti ni 2,500. Mahindi yakiwa shilingi 600 kwa kilo mwezi Januari, mfuko unapaswa kukuokolea zaidi ya kilo 4 tu katika gunia la kilo 100 ili ujilipe msimu wa kwanza. Usipotoboka unautumia tena msimu unaofuata. Lakini kama unauza yote Juni kwa sababu una deni la mbolea, usinunue. Utatupa hela yako.

Kwa ndugu yangu wa Urambo: nunua mfuko mmoja tu. Gawa mahindi ya shamba lilelile, kilo 100 humo na kilo 100 kwenye salfeti yenye dawa unayoiamini, ukipima kwa mizani ileile. Januari chekecha vumbi, pima tena yote mawili. Kama salfeti yako imeshinda, niletee hizo namba nami nitazitangaza kwa wakulima wenzako kama zilivyo.