√72: Toa mraba nje, acha kinachobaki ndani

Kila mwaka, Egzameni d'Eta inapokaribia, vijana wananiletea makaratasi ya majaribio, na kuna swali moja linarudi sana. Kijana amefanya hesabu yake yote vizuri, mwisho amepata √72. Anaangalia majibu ya kuchagua: √72 haimo. Kuna 5√2, 6√2, 8√3, 36√2. Basi anachagua kwa bahati, au anaanza upya hesabu ambayo ilikuwa sawa. Alama inapotea palepale, mlangoni. Leo nataka tuufungue mlango huo.

Kipeuo cha pili, ile tunayoita shuleni rasine kare, kinauliza swali moja tu: ni namba gani ukiizidisha kwa yenyewe inakupa hii? √36 ni 6, kwa sababu 6 × 6 = 36. Namba kama 4, 9, 16, 25, 36, 49, 64 tunaziita miraba kamili, maana kipeuo chake ni namba nzima, haina mkia. 72 haimo katika orodha hiyo. 8 × 8 ni 64, 9 × 9 ni 81; kwa hiyo √72 iko kati ya 8 na 9. Ukiendelea kuitafuta kwa desimali, unapata 8,485 na kitu, na hizo tarakimu haziishi.

Lakini kama 72 yenyewe si mraba kamili, ndani yake mna mraba kamili umejificha. Kazi yetu ni kuutafuta. Kanuni inayoturuhusu ni hii: kipeuo cha namba mbili zilizozidishwa ni sawa na vipeuo vyake vikizidishwa. Yaani:

√72 = √(36 × 2) = √36 × √2 = 6√2

Kwa nini ni kweli? Chukua 6√2 uizidishe kwa yenyewe. 6 × 6 ni 36, √2 × √2 ni 2, na 36 × 2 ni 72. Basi 6√2 ndiyo namba tuliyokuwa tunaitafuta. Hatukubadilisha thamani hata kidogo, tumebadilisha tu namna ya kuiandika. Na huo ndio uhakiki wako siku ya mtihani: namba ya nje izidishe kwa yenyewe, kisha zidisha na ya ndani. Isiporudi 72, kuna kitu kimeharibika. Jaribu na 36√2: 36 × 36 × 2 ni 2592. Mbali sana! Aliyeandika hivyo ameona 36 ndani, akaitoa nje nzima nzima bila kuchukua kipeuo chake.

Sasa, shida kubwa iko wapi? Ukimwambia mwanafunzi agawanye 72, karibu wote wanasema 8 × 9, kwa sababu ndivyo tulivyoimba tangu shule ya msingi. Si vibaya. 9 ni mraba kamili, basi:

√72 = √9 × √8 = 3√8

Hapo wengi wanaweka kalamu chini. Lakini angalia 8 iliyobaki ndani: ni 4 × 2, na 4 ni mraba kamili. Kazi bado. √8 = 2√2, kwa hiyo 3√8 = 3 × 2√2 = 6√2. Mwingine anaanza na 4 × 18, anapata 2√18. Ndani ya 18 kuna 9, basi 2 × 3√2, tunafika tena 6√2. Njia tatu, jibu moja. Tofauti ni kwamba anayeanza na 36, ule mraba mkubwa kuliko yote unaogawanya 72, anafika kwa hatua moja.

Angalia vizuri hiyo hatua ya mwisho. 2 iko nje, kisha 3 inatoka kuikuta. Zinazidishwa, hazijumlishwi. Anayejumlisha anapata 5√2, lakini 5 × 5 × 2 ni 50. Hiyo ni √50, si √72. Ndiyo maana majibu kama 5√2 hayakosi kwenye orodha ya mtihani: mtunzi anajua utapita wapi.

Na kama mraba mkubwa hauonekani kwa macho? Vunja namba mpaka kwenye namba tasa: 72 = 2 × 2 × 2 × 3 × 3. Tafuta jozi. Kila jozi inatoa mmoja nje: jozi ya 2 inatoa 2, jozi ya 3 inatoa 3. Ile 2 ya tatu haina mwenzake, inabaki ndani. Nje 2 × 3 = 6, ndani 2. Njia hii inakuambia pia wakati wa kusimama: ndani pakikosa jozi, umemaliza. Kwa mfano 70 ni 2 × 5 × 7, hakuna jozi hata moja, basi √70 iache ilivyo.

Kuna anayeniuliza: «Mwalimu, hii itatusaidia nini nje ya darasa?» Chukua fondasio ya chumba cha mita 6 kwa 6, hapa Kasuku au ng'ambo Alunguli. Pande zote nne zinaweza kupimwa mita 6 kamili na chumba kikawa kimelala upande. Kwa hiyo fundi anapima kutoka kona hadi kona. Kwa Pitagora, urefu huo ni √(36 + 36), yaani √72. (Tafadhali usiseme 6 + 6 = 12! Kipeuo kinagawanyika juu ya kuzidisha, si juu ya kujumlisha.) Basi ni 6√2, karibu mita 8 na sentimita 48 na nusu. Kamba ikisoma 8,60 upande mmoja, upande wa pili itasoma karibu 8,37, na kona hazijanyooka.

Tazama sasa faida ya kuandika 6√2. Ile 6 ni upande wa chumba wenyewe! √72 iliificha, 6√2 inaionyesha. Chumba cha mita 5 kwa 5 kitakuwa na 5√2, cha mita 2 kwa 2 kitakuwa na 2√2. Fundi akishika namba moja tu, 1,414, anazidisha na upande, na kosa lake halifiki hata milimita mbili kwa chumba chetu.

Faida hiyohiyo iko kwenye karatasi. √72 + √50 − √8 inaonekana kama vitu vitatu visivyojuana. Rahisisha: 6√2 + 5√2 − 2√2. Wote ni watoto wa √2, tunawahesabu kama maembe: 6 na 5 ni 11, toa 2, jibu 9√2. Bila kurahisisha, hakuna njia ya kuziunganisha.

Kabla hujalala leo, chukua kalamu ujaribu √98, √108 na √180. Ukipata 7√2, 6√3 na 6√5, uko sawa. Ukipata 3√12 kwa ile ya pili, hujakosea, ila hujamaliza: angalia tena ndani ya 12.