Kabla ya Kulipia Fremu, Uza Kwanza

Mtu mwenye akiba ya shilingi milioni 3 na wazo la kuuza mashuka Dar es Salaam huanza kwa kutafuta fremu. Mwenye nyumba anataka kodi ya miezi 6 kwa mkupuo. Kwa fremu ya 150,000 kwa mwezi, hiyo ni 900,000. Bado rafu, rangi na bango, na kinachobaki kinakwenda Kariakoo kununua mali. Akiba yote imekwisha na hakuna mteja hata mmoja aliyetoa senti. Nadhani biashara nyingi ndogo huumizwa na mpangilio huu kuliko na ushindani.

Mpangilio unaweza kugeuzwa. Mwaka 1999, huko California, Nick Swinmurn alitaka kujua kama watu watanunua viatu kwenye mtandao bila kuvijaribu. Hakununua mali. Alipiga picha viatu vya maduka ya jirani na kuviweka kwenye tovuti. Mtu akiagiza, alikwenda dukani, akanunua kwa bei ileile ya rejareja na kutuma. Hakupata faida ya maana, ila alipata jibu. Kampuni iliyotokana na jaribio hilo, Zappos, ilinunuliwa na Amazon mwaka 2009.

Muuza mashuka wetu anaweza kufanya vivyo hivyo. Anaongea na muuzaji wa jumla, anapiga picha seti chache na kuziweka kwenye status ya WhatsApp na makundi ya mtaani. Tuseme seti anaipata kwa 24,000 na bodaboda ni 2,000. Anauza 35,000, mzigo ukiwa umefikishwa, kwa hiyo anabakiwa na 9,000. Bei hiyo asiishushe ili kuwavutia watu. Akiuza 28,000 wakati wa kujaribu, atajua tu kwamba watu wanapenda mashuka ya 28,000.

Kabla ya kutuma picha ya kwanza, aandike kiwango atakachokubali. Kodi ya 150,000 ukiigawa kwa 9,000 unapata seti 17. Hizo ni za kumlipa mwenye nyumba tu, yeye bado hajala. Basi katika wiki 2 anahitaji walau seti 9 zilizolipiwa. Asipoandika mapema, mauzo ya seti 3 yataonekana mazuri kwa sababu moyo wake umeshaipenda biashara.

Sasa tuseme wiki 2 zimepita. Watu 14 wameuliza bei na 9 wamesema, "Niwekee, nitachukua." Hapo ndipo wengi hukimbilia fremu. Kumbe hawa 9 hawajanunua kitu, wamesema tu, na kwetu ni vigumu mtu kumwambia muuzaji usoni kwamba hataki. Kila mmoja aombwe kutanguliza nusu kwa simu. Wakilipa 4, mauzo ni 4. Na kama kati yao mmoja ni dada yake na mwingine ni rafiki wa kanisani, hao waandikwe pembeni, kwa sababu wamemnunua yeye.

Kuna tatizo la kweli kwenye kutanguliza: matapeli wa mtandaoni wamewatia watu hofu. Mgeni anaweza kukataa kulipa na bado akayataka mashuka. Kwa huyo, mruhusu alipe mzigo ukifika, ila mhesabu siku aliyopokea na kulipa, si siku aliyoagiza. Na mali ikiisha kwa muuzaji wa jumla, rudisha pesa ya mteja siku hiyohiyo.

Waliouliza bei kisha wakanyamaza wana faida pia. Awapigie, awaulize wanalalia mashuka gani sasa na waliyanunua wapi. Huenda akagundua kwamba wengi wana vitanda vya futi 6 kwa 6 na yeye alionyesha ya 5 kwa 6. Angekuwa ameshajaza rafu, kosa hilo lingemfungia pesa kwa miezi.

Jaribio hili halijibu kila kitu. Wiki 2 za mwisho wa mwezi, watu wakiwa na mshahara, hazifanani na katikati ya mwezi, na msimu wa Idi au harusi hudanganya zaidi. Vilevile halikuambii wapita njia wa fremu fulani watafanya nini. Kwa hilo, omba meza mbele ya duka la jirani kwa siku chache, ulipe kidogo, uuze papo hapo.

Kwa hesabu yetu, mauzo 4 hayafiki 9. Mwenye akiba hiyo asisaini mkataba mwezi huu. Abadilishe saizi, arudie wiki nyingine 2 kwa bei ileile, na milioni 3 zake zibaki benki.