Dakika Zinazopita Mwisho wa Zamu

Kwa mujibu wa Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, inayotumika Tanzania Bara, saa za kawaida za kazi hazizidi 9 kwa siku na 45 kwa wiki. Muda unaozidi hapo ni saa za ziada. Hufanywa kwa makubaliano, hauzidi saa 50 katika wiki nne, na hulipwa si chini ya mara moja na nusu ya mshahara wa msingi wa saa. Hata kwa makubaliano, kazi isizidi saa 12 kwa siku.

Mfumo huhesabuje?

Maeneo mengi ya kazi sasa hutumia mfumo wa kielektroniki wa mahudhurio. Mfumo hulinganisha saa ya mwisho iliyopangwa na saa uliyogusa kifaa ukitoka. Tofauti ikivuka kiwango alichoweka mwajiri, mathalani dakika 15, hutokea alama ya tahadhari na muda huo husubiri idhini ya msimamizi. Tofauti iliyo chini ya kiwango hicho haioneshwi, na mara nyingi haiingii katika malipo. Kiwango hicho ni mpangilio wa mwajiri. Hakimo katika sheria.

Mfano

Keshia wa duka kubwa hufanya kazi siku tano kwa wiki, kuanzia saa 2 asubuhi hadi saa 12 jioni, na mapumziko ya saa moja. Yaani saa 9 kwa siku. Kila jioni msimamizi humtaka afunge hesabu ya droo ya fedha, hivyo hutoka saa 12 na dakika 14. Alama haitokei hata mara moja. Hata hivyo, kwa siku 20 za wiki nne, amefanya kazi dakika 280, sawa na saa 4 na dakika 40.

Mshahara wake wa msingi ni shilingi 390,000 kwa mwezi. Ukigawanywa kwa 4.333, kisha kwa saa 45, hupatikana takribani shilingi 2,000 kwa saa. Saa ya ziada ni shilingi 3,000. Hivyo anadai takribani shilingi 14,000.

Ufanye nini?

Omba ripoti yako ya mahudhurio, ulinganishe saa ya kutoka na saa zilizolipwa. Tunza ujumbe wowote uliokutaka ubaki, kwa kuwa aliyebaki kwa hiari yake bila kuagizwa atapata shida kuthibitisha makubaliano. Wasilisha dai kwa mwajiri kwa maandishi. Asipolipa, peleka mgogoro Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 60 tangu ulipotokea. Usiache majibizano na mwajiri yamalize muda huo.

Masharti haya ya saa hayamhusu meneja anayesimamia wafanyakazi wengine na kuwajibika moja kwa moja kwa uongozi wa juu.