Ufito Usiolingana: Kilo Zake Ngapi, na Utatulia Wapi Ukiegemezwa?
Sehemu ya tatu ya mfululizo wa makala kuhusu mizani na egemeo

Katika sehemu mbili zilizotangulia tulishughulika na ufito ambao kila mita yake ina kilo sawasawa na nyenzake. Ufito wa namna hiyo hauna ubishi: zidisha kilo za mita moja kwa urefu, umepata tungamo; pima katikati, umepata kitovu cha tungamo, yaani mahali ambapo ufito ukiegemezwa hutulia bila kuinamia upande wowote. Leo tunaingia kwa ufito ambao kilo zake zinaongezeka kadiri unavyosogea kutoka ncha moja kwenda nyingine.

Mpe fundi wa kuchomelea bamba la chuma lenye unene wa milimita 10, umwambie akate kipande cha urefu wa mita 2. Upana wa ncha ya kushoto uwe sentimita 2.5 hivi, upana wa ncha ya kulia uwe sentimita 10.2, na kingo mbili zinyooke kutoka ncha hadi ncha, moja ikiwa kioo cha nyingine. Mita moja ya ujazo ya chuma ina kilo 7850 hivi, kwa hiyo bamba la unene huo lina kilo 78.5 kwa kila mita ya eneo. Ukipiga hesabu utaona kwamba chuma chetu, kwenye ncha ya kushoto, kina kilo 2 kwa mita, na kwenye ncha ya kulia kina kilo 8 kwa mita. Kiasi hicho cha kilo kwa mita tutakiita densiti ya ufito. Tukihesabu umbali x kutoka ncha nyembamba, densiti ni 2 + 3x.

Kosa la kwanza huzaliwa hapa. Mtu husoma "kilo 8 kwa mita" akadhani kuna mita nzima yenye kilo 8. Haipo. Densiti hiyo ni ya mahali, si ya kipande, na ukisogea sentimita moja tu imeshabadilika. Ndiyo maana hatuwezi kuzidisha densiti moja kwa urefu wote. Inatubidi tuukate ufito, kwa fikra, katika vipande vyembamba mno, kila kimoja kiwe chembamba kiasi kwamba densiti yake haipati nafasi ya kubadilika. Tupate kilo za kila kipande, kisha tujumlishe.

Kabla ya kalkulasi, chora densiti kwenye karatasi. Mstari wa chini uwe urefu wa ufito, na juu ya kila nukta upandishe kimo kinacholingana na densiti ya hapo. Kila kipande chembamba cha ufito kinakuwa ukanda mwembamba uliosimama, na eneo la ukanda huo ndizo kilo za kipande chake. Basi tungamo lote ni eneo lote lililo chini ya mchoro. Kwa chuma chetu mchoro huo ni trapeza, na bamba lenyewe, ukilitazama, lina umbo la trapeza vilevile. Densiti imeonekana kwa macho.

Trapeza hiyo igawe: chini kuna mstatili wenye kimo 2 na urefu 2, na juu yake pembetatu inayoanza sifuri kushoto na kufikia kimo 6 kulia. Mstatili una kilo 4. Pembetatu ina nusu ya 2 mara 6, yaani kilo 6. Jumla ni kilo 10.

Kitovu nacho kinapatikana kwa mgawanyo huohuo. Kitovu cha mstatili kipo katikati, mita 1 kutoka kushoto. Kitovu cha pembetatu kimejulikana tangu karne ya tatu kabla ya Kristo, pale Arkimedi wa Sirakusa alipothibitisha mahali pake katika kitabu chake cha mizani ya maumbo bapa, kitabu ambacho sehemu yake ya kwanza inamalizikia kwenye trapeza yenyewe. Kitovu cha pembetatu kipo theluthi moja ya kimo kutoka upande wa chini, yaani theluthi mbili kutoka nchani. Pembetatu yetu ina ncha kushoto, hivyo kitovu chake kiko theluthi mbili za mita 2, ambazo ni mita 1.33. Sasa kila sehemu ipewe sauti kwa kadiri ya kilo zake: 4 mara 1 ni 4, 6 mara 1.33 ni 8, jumla 12. Gawa kwa kilo 10, unapata mita 1.2. Egemeo liwekwe sentimita 20 kulia kwa katikati.

Mwanafunzi wa kalkulasi ataandika hayo hivi:

M = ∫₀² (2 + 3x) dx = 4 + 6 = 10
∫₀² x(2 + 3x) dx = 4 + 8 = 12
x̄ = 12 / 10 = 1.2

Tazama x iliyoongezwa katika mstari wa pili. Hiyo ndiyo inayogeuza kilo kuwa momenti: kila kipande kinahesabiwa kilo zake mara umbali wake. Ukiisahau, jibu litakuwa tungamo kugawa kwa tungamo, yaani 1, na vizio vitakuumbua mara moja, kwa sababu kilo kwa kilo haizai mita. Kuna kinga nyingine niipendayo zaidi. Densiti ikipanda au kushuka kwa mstari mnyoofu, kitovu hakiwezi kutoka nje ya theluthi ya kati ya ufito. Hata densiti ikianzia sifuri kabisa upande mmoja, mchoro unakuwa pembetatu tupu, na kitovu kinakomea kwenye theluthi mbili. Ukipata mita 1.5 kwa ufito wetu, usitafute kosa liko mstari gani kabla hujakubali kwamba kosa lipo.

Lipo wazo ambalo hata watu waliosoma hesabu kwa miaka mingi hulishikilia: kwamba kitovu cha tungamo ndipo ufito unapogawanyika katika nusu mbili zenye kilo sawa. Tulijaribu. Tukikata chuma chetu pale mita 1.2, kipande cha kushoto kinatoka na kilo 4.56, cha kulia kilo 5.44. Si sawa hata kidogo! Mahali panapogawa kilo tano kwa tano ni karibu mita 1.28, sentimita nane kulia zaidi, na ukiegemeza hapo chuma kinaanguka kushoto.

Inakuwaje kilo 4.56 zisimame sawa na kilo 5.44? Kwa sababu zimekaa mbali zaidi na egemeo. Upande wa kushoto una urefu wa mita 1.2, na vipande vyake vya mwisho viko mbali. Upande wa kulia umejazana ndani ya sentimita 80. Ukijumlisha kilo mara umbali kutoka kwenye egemeo, kila upande unatoa 2.304. Usawa wa egemeo ni usawa wa momenti, na kilo zenyewe zina uhuru wa kutofautiana.

Tutoke sasa kwenye chuma twende kwenye nguzo ya mkaratusi, kama zile zinazobeba nyaya za umeme. Tuchukue nguzo ya mita 10, kipenyo chake shinani sentimita 24, kileleni sentimita 16, ikipungua sawasawa njia nzima, na mti wake tuukadirie kilo 800 kwa mita ya ujazo. Hapa mchoro wa densiti si mstari mnyoofu tena. Kipenyo ndicho kinachopungua kwa mstari mnyoofu. Densiti inafuata eneo la mkato, nalo linafuata kipenyo mara kipenyo. Shinani ni kilo 36.2 kwa mita, kileleni kilo 16.1, na kati yake mchoro umebonyea kidogo chini ya mstari unaounganisha ncha hizo. Anayechukua wastani wa densiti mbili za ncha na kuzidisha kwa 10 atapata kilo 261, akiwa amezidisha takriban kilo 7.

Mtu wa kazi hahitaji kalkulasi kwa nguzo hii. Aigawe kwa chaki vipande vitano vya mita mbili, apime mzingo katikati ya kila kipande kwa utepe, agawe kwa 3.14 apate kipenyo. Kuanzia shinani kilo zitakuja 67.6, 58.6, 50.3, 42.5 na 35.5, jumla karibu 254.5. Kisha azidishe kila moja kwa umbali wa katikati ya kipande chake, yaani mita 1, 3, 5, 7 na 9, ajumlishe, agawe kwa jumla ya kilo. Jibu ni mita 4.37 kutoka shinani. Kalkulasi inatoa kilo 254.7 na mita 4.34. Tofauti ya sentimita tatu ina sababu moja: tumejifanya kwamba kitovu cha kila kipande kiko katikati yake, ilhali kila kipande nacho ni kinene upande wa shina, na kitovu chake kimevutwa huko kidogo. Makosa yote matano yanaelekea upande mmoja, hayafutani. Ukikata vipande vya mita moja badala ya mbili, kosa linashuka hadi kama robo.

Kosa kubwa zaidi linaweza kutoka kwenye mti wenyewe. Nguzo ambayo haijakauka sawasawa haina kilo 800 kila mahali, na mzingo hautakuambia hilo. Hapo mizani ni mkweli kuliko utepe. Weka mizani mbili, moja chini ya kila ncha. Kwa nguzo yetu zitasoma karibu kilo 144 shinani na 111 kileleni. Jumla yake ni tungamo; na usomaji wa kileleni mara urefu, gawa kwa jumla, ni umbali wa kitovu kutoka shinani: 111 mara 10 gawa kwa 255, mita 4.35. Densiti haikuulizwa popote. Usomaji wa mizani ukiachana sana na hesabu ya utepe, umejua kwamba mti haulingani ndani.

Lakini mizani hizo mbili zina ukomo. Chuma chetu cha kilo 10 kikiwekwa juu yake kitasoma kilo 4 kushoto na 6 kulia. Chukua sasa ufito mwepesi usio na uzito wa kuhesabika, wenye mita 2, ufunge kilo 4 kwenye ncha moja na kilo 6 kwenye nyingine. Mizani zitasoma vilevile, na egemeo litakaa mita 1.2 vilevile. Hakuna upimaji wa kutulia utakaovitofautisha. Jaribu kuvizungusha juu ya egemeo, kama mtu anayegeuza nguzo begani, na mkono utajua papo hapo: jumla ya kilo mara umbali mara umbali tena, kutoka kwenye egemeo, ni 2.93 kwa chuma na 9.6 kwa ule wa kilo za nchani, zaidi ya mara tatu. Jumla hiyo ndiyo mada ya sehemu ya nne.